Barua moja, watu 38, kontena limelala bandarini

Jamani, leo nasema. Ofisi yetu hapa Mombasa kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Jumatatu asubuhi meneja kaandika barua pepe: "Kibali cha kampuni ya meli kiletwe kabla ya saa sita." Kaweka watu 38, wote kwenye To, hata mlinzi wa stoo ya Changamwe. Jina la mtu hakutaja. Kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayeambiwa.

Kisha Reply all ikaanza. "Nimeona, ahsante." "Shukran." "Nitoeni kwenye hii barua", na hiyo pia tukaipata wote! Mpaka saa sita zilikuwa 27. Ya 14 ilitoka kampuni ya meli: kuna ada haijalipwa. Hakuna aliyeiona. Kontena limelala siku mbili na gharama ya kuhifadhi inapanda.

Waliotakiwa kwenye To ni wawili: anayefuata kibali na mhasibu wa kulipa ada. Msimamizi wa malori angewekwa Cc, apate habari tu, ajue lori litoke lini. Sisi wengine 35 tulihusika na nini?

Bin_Mvita: Weka wote Bcc, kwisha maneno. Mtu akibonyeza Reply all, jibu linarudi kwako peke yako.

DawatiLaMbele: Sheikh, hapo ni sawa kwa tangazo tu: anwani yako kwenye To, watu wote Bcc. Kwa kazi kama hii, aliyefichwa Bcc hajui kama ni yeye anayeambiwa. Na kuna hatari nyingine. Sisi tulimwandikia mteja kwenye To, bosi tukamficha Bcc. Bosi akasahau, akabonyeza Reply all: "Msimpunguzie bei." Mteja akaisoma. Tangu siku hiyo namtumia mteja kwanza, halafu naifungua kwenye Sent na kumpelekea bosi kwa Forward.

MamaWatatu_Kisauni: Mimi shule ilituma majina ya wanaodaiwa karo, wazazi wote kwenye To. Anwani zetu nje nje. Nimlalamikie nani?

DawatiLaMbele: Dada, anwani zingefichwa kwa Bcc, lakini hayo majina yasingetumwa kwa wote kabisa. Kila mzazi na barua yake. Anza na mwalimu mkuu.

Na wewe mwenye uzi, mnyororo wa majibu ukishaanza, jibu mara moja tu. Wawili wabaki To, wengine wahamishie Bcc, na juu uandike: "Nimewahamisha Bcc, msisumbuliwe tena." Hiyo wataipata. Mtu akijibu juu ya hiyo, haiwafikii. Ila akijibu ile ya zamani, inaanza upya.

Mwenye uzi: Nimejaribu leo mchana. Saa tisa meneja kawarudisha wote 38 kwenye To, anasema hataki mtu aje aseme hakuambiwa. Nani hapa ameshawahi kumbadilisha mkubwa wa namna hii, na alimwambiaje?