Mrejesho: kritiko pathi ya ujenzi wa nyumba
Niliuliza: "Kutengeneza milango ni siku 15, ndo kazi ndefu kuliko zote, mbona haipo kwenye kritiko pathi?"

Wakuu nimeelewa, kritiko pathi ni ile njia ya kazi zinazofuatana iliyo ndefu kuliko zote, ndo inaamua ujenzi unaisha lini, mimi nilikuwa naangalia kazi moja moja badala ya kujumlisha njia nzima. Msingi 10, kuta 12, paa 7, plasta 5, jumla siku 34. Milango haisubiri kitu, 15, kuifunga 3, plasta 5, ni 23 tu. Ila kuifunga kunasubiri na kuta pia, hiyo njia ni 30. Plasta inasubiri paa liishe siku ya 29 na milango ifungwe siku ya 25, unachukua kubwa, 29. Ukirudi nyuma, 29 toa 3 za kufunga ni 26, toa 15 za kutengeneza milango, so seremala ana siku 11 za kuchelewa, paa halina hata moja.