Tupeane uzoefu: komenti ya huruma na ya mtu aliyechoka kuchangishwa mnazitofautishaje?

Mama Rehema: Habari zenu. Natunza hela ya michango ya mtoto wa jirani, upasuaji wa moyo. Kwenye tangazo la kwanza tuliweka picha ya mama yake amelala juu ya kanga kando ya kitanda, na watu waliandika maneno marefu. La tatu limejaa "Pole sana", "Amina" na emoji za machozi. Mmoja kaandika "Jamani, tena?" Kamati inataka komenti hiyo ifutwe. Mimi nasita. Nyie mliwasomaje watu wenu?

Kijana wa Mbagala: Rahisi tu. Mwenye huruma hutuma, asiyetuma anapita njia.

Bi Saumu: Hapana mwanangu. Nilipokuwa sina hata nauli niliandika "Mungu amponye" na nililia kweli.

Mzee Shaban: Nimeshika daftari la michango msikitini kwetu miaka mingi. Mama Rehema, weka komenti upande mmoja na miamala ya simu upande wa pili, kisha tafuta majina yanayojirudia. Kwetu aliyeandika "Tena?" alikuwa ametuma mara mbili za mwanzo. Huyo amechoka, na amechoka kwa sababu alijali. Mwenye kuguswa hushika kitu cha kwenye habari yenyewe: anataja jina la mtoto, anauliza mama anakula nini pale wodini. "Pole sana" inaweza kubandikwa chini ya msiba wowote, kwa hiyo peke yake haikwambii kitu.

Na msiwafukuze wanaouliza "hospitali gani, bili iko wapi?" Sisi tuliwaona wachokozi. Tulipoweka kontro namba ya hospitali ili mtu alipe moja kwa moja, baadhi yao ndio waliolipa. Walichoka kutoa bila kuambiwa hela ya mwanzo ilifanya nini.

Dada Neema: Mimi nimechoka na michango ya harusi! Kadi tano mwezi mmoja, ukikataa unanuniwa.

Mama Rehema: Neema, ya harusi tuifungulie mada yake. Mzee Shaban, nimeangalia. Wa "Tena?" alituma 20,000 mara ya kwanza na 10,000 mara ya pili. Na kweli, matangazo yote matatu yana picha ileile, hakuna palipoandikwa tumefikia wapi.

Mzee Shaban: Basi mjibu hapohapo: zilizopatikana, vipimo vilivyolipiwa, kilichobaki. Akiuliza zaidi, bado yuko nanyi. Akilaumu tu, "serikali iko wapi", mwachie nafasi apumzike.

Kijana wa Mbagala: Na wale waliochangia mwanzo, sasa hawaandiki chochote?

Mzee Shaban: Hao ndio wananisumbua hadi leo. Kimya sijawahi kujua kukisoma.

Mama Rehema: Komenti haifutwi. Hesabu naiweka usiku huu, na risiti ya kipimo cha moyo.