Msaada: Asilimia ya faida kwenye Excel inatoka kama bei, nimekosea wapi?

Duka la Vifaa
Habari za leo wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi, na tangu mwezi uliopita nimeacha daftari, hesabu zote naweka kwenye Excel. Safu ya B ni bei ya kununulia, C ni bei ya kuuzia, na D nataka ioneshe asilimia ya faida. Mfuko wa sementi nanunua 16,000 nauza 18,500. Kwa mkono napata kama 15.6. Kwenye Excel nimeandika hivi:

```
=C2-B2/B2*100
```

Inaniletea 18400. Kilo ya misumari nanunua 4,000 nauza 5,000, inaleta 4900. Bati la 28,000 nauza 32,000, inaleta 31900. Nimefuta na kuandika upya mara tatu, majibu ni yale yale. Kesho jioni nakaa na mwenzangu tuliyechanga naye mtaji, naombeni msaada.

Mwalimu wa Hesabu
Ndugu, kumbuka MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hujaweka mabano, ndiyo maana imegawanya kwanza na kutoa ikaja mwisho. Excel inafuata mpangilio huo herufi kwa herufi.

Karani Mkongwe
Tazama majibu yako matatu, mkuu. Kila moja ni bei ya kuuzia iliyopungua 100. Hapo ndipo kosa linapojionesha. Excel imeanza na B2/B2, yaani 16,000 kwa 16,000, ikapata 1. Ikazidisha kwa 100. Kisha ikachukua 18,500 na kutoa hiyo 100. Bei ya kununulia imejigawanya yenyewe ikapotea. Badilisha B2 iwe 9,000 uone, jibu litabaki 18400. Tofauti ya bei ifunge kwenye mabano:

```
=(C2-B2)/B2*100
```

Mwalimu, shikamoo, ila herufi kwa herufi hapana. Kujumlisha na kutoa viko ngazi moja, Excel inaanzia kushoto. Ukiandika `=50000-3000+2000` inaleta 49000. Anayejumlisha kwanza 3,000 na 2,000 atapata 45,000, na droo haitalingana na kitabu.

Mwalimu wa Hesabu
Marahaba. Hilo la kuanzia kushoto ni kweli, wanafunzi wengi huliacha.

Duka la Vifaa
Asanteni sana. Nimeweka mabano, lakini sasa sementi inaonesha 1562.50%. Tarakimu nazitambua ila zimekuwa kubwa mno.

Karani Mkongwe
Seli umeipa muundo wa asilimia, ule wa alama ya %. Muundo huo wenyewe unaonesha namba ikiwa imezidishwa kwa 100, na fomula yako nayo inazidisha. Chagua kimoja. Mimi ningeondoa `*100` na kuacha alama, utaona 15.63%.

Mama Mgahawa
Samahani kuingilia, langu linafanana. Nina risiti ya 118,000, VAT ya 18% ikiwa ndani. Nataka bei kabla ya kodi. Nimeandika `=A2/1+18%` inaleta 118000.18. Ni mabano pia?

Kijana wa Stoo
Mama, usihangaike na mabano. Toa 18% tu, zidisha kwa 82%.

Karani Mkongwe
Kijana, hiyo inaleta 96,760. Ongeza 18% yake uone: unapata 114,176.80, si 118,000. Kodi ilipigwa juu ya bei ya awali, wewe unaikata kwenye jumla. Mama, ni mabano kweli. Excel imegawanya 118,000 kwa 1, kisha ikaongeza 0.18. Andika:

```
=A2/(1+18%)
```

Itatoka 100,000 kamili. Na mwangalie kalkuleta ya simu: nyingi ukibonyeza 100+10% zinaleta 110, kwa sababu zinadhani unataka asilimia kumi ya hiyo mia. Excel inaleta 100.1, kwake 10% ni 0.1 tu. Wengi wanatoka kwenye simu na mazoea hayo.

Mama Mgahawa
Imekubali, 100,000. Risiti za miezi miwili nilizigawa vibaya, narudia zote leo.

Duka la Vifaa
Yangu imekaa sawa: sementi 15.63%, misumari 25.00%, bati 14.29%. Ila nimempigia mwenzangu, anasema faida ya sementi ni 13.5%. Yeye anagawanya kwa bei ya kuuzia:

```
=(C2-B2)/C2
```

Mabano yake yako sawa na yangu. Nani yuko sahihi?

Karani Mkongwe
Hapo Excel haiwezi kuwaamulia. Yeye anapima faida ndani ya kila shilingi iliyoingia kwenye droo, wewe unapima ulichoongeza juu ya mtaji. Mimi dukani natumia yake.

Mwalimu wa Hesabu
Mimi ningebaki na ya mtaji. Mmechanga mtaji, ndio mnaotaka kujua umezaa nini.

Duka la Vifaa
Basi naongeza safu ya E, kesho namwonesha zote mbili.