Kirikuu IRR 22.3, parachichi 20.9: kikundi kifuate ipi?

Mangi_wa_Soweto

Wakuu, heshima kwenu. Niko Moshi, ni mweka hazina wa kikundi cha watu 16. Tuna milioni 40 na mapendekezo mawili mezani, yote ya miaka mitano.

La kwanza ni kununua kirikuu mbili za kubeba mizigo Mbuyuni na Memorial. Ukishatoa dereva, mafuta, bima na gereji, tunakadiria kubaki na milioni 25 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, 10 wa tatu, 5 wa nne na 5 wa tano tukiwa tumeshaziuza.

La pili ni shamba la parachichi za Hass huko Siha. Miaka miwili ya mwanzo hakuna kitu, mwaka wa tatu milioni 15, wa nne 30, wa tano 45. Gharama za kulihudumia miaka hiyo miwili zimo ndani ya ile 40.

Katibu kaingiza kwenye Excel kutafuta IRR, yaani kiwango cha ndani cha faida cha mradi: kirikuu 22.3%, parachichi 20.9%. Anasema mjadala umefungwa, tununue magari. Mjumbe mwingine mwenye shamba kaja na karatasi yake, parachichi inasoma 43.9%. Namba zile zile! Halafu kuna kijana wa benki katuambia tuachane na IRR, tutumie MIRR, yaani IRR iliyorekebishwa. Sasa mimi nashika lipi? Pesa zinazoingia hatugawani, zinabaki kwenye akaunti ya kikundi hadi mwaka wa tano ndipo tugawane zote. Akaunti hiyo ni ya muda maalum, tunapata kama asilimia 10.

Ndonya_Bomang'ombe

Mkuu usiguse parachichi kama huna maji ya uhakika. Mimi nilipanda miche ya kienyeji nikaibebesha Hass, kiangazi kikala nusu. Miche umenunua wapi? Maana kuna watu wanauza miche ambayo hata haijabebeshwa.

Mangi_wa_Soweto

Asante kaka, maji tuna mfereji wa zamu. Ila swali langu ni la hesabu, shamba tumeshalikagua.

Hesabu_Kali

Jibu ni rahisi. IRR inadanganya kwa sababu inachukulia kila shilingi inayoingia unaiwekeza tena kwa riba ile ile ya mradi. MIRR haina huo ujinga. Weka riba ya mkopo wa benki sehemu zote mbili, kubwa ndiyo mshindi. Siku zote.

Mama_Njiro

Hesabu_Kali umegusa penyewe lakini umemalizia vibaya, nitakuja huko. Kwanza nimtoe Mangi kwenye ile 43.9, maana ndiyo inayowagombanisha bure.

Huyo mjumbe wenu kaacha seli za mwaka wa kwanza na wa pili wazi, hakuandika sifuri. Excel ikikuta seli tupu inairuka, haiihesabu kama mwaka. Kwa hiyo imeona milioni 15, 30 na 45 zinaingia mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nimejaribu hapa, inatoa 43.9 kamili. Andikeni 0 kwenye seli hizo mbili, itarudi 20.9. Na MIRR nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo msidhani kubadilisha fomula kutawaokoa.

Sasa kirikuu. IRR ya 22.3 si uongo. Inakwambia kwamba kila mwaka, ile pesa ambayo bado imekwama ndani ya magari inazaa 22.3%. Mwaka wa kwanza imekwama milioni 40. Zikirudi 25, zilizobaki kwenye magari ni chache, na hiyo 22.3 inazihusu hizo chache tu. Zile 25 zilizotoka IRR haizifuatilii tena. Kosa linaanza pale katibu anapoisoma kana kwamba milioni 40 zenu zote zitakua kwa 22.3% miaka mitano.

Jaribu kuisoma hivyo uone. Milioni 40 zikikua kwa 22.3% miaka mitano zinafika milioni 109.4. Haya, kirikuu zenu zitawapa hizo? Milioni 25 ya mwaka wa kwanza ikikaa kwenye akaunti yenu miaka minne kwa 10% inakuwa milioni 36.6. Ile 15 inakaa miaka mitatu, inakuwa 19.97. Ile 10 inakuwa 12.1, ya mwaka wa nne 5.5, ya mwisho 5 inabaki 5. Jumla milioni 79.2. Kati ya 109.4 na 79.2 kuna milioni 30 ambazo katibu kaziona kwenye asilimia na hazitaonekana benki.

MIRR inachukua hiyo 79.2 na kuuliza: 40 ikue kwa asilimia ngapi kwa mwaka ifike hapo kwa miaka mitano? Jibu 14.6%.

Parachichi kwa njia hiyo hiyo: 15 inakaa miaka miwili inakuwa 18.15, 30 inakaa mmoja inakuwa 33, na 45. Jumla 96.15. MIRR yake 19.2%. Mpangilio umegeuka, na aliyeugeuza ni akaunti yenu ya 10%. Kirikuu inarudisha pesa mapema, kwa hiyo inategemea sana pesa hiyo inakwenda wapi ikisharudi. Parachichi inazifungia shambani, ndiyo maana imeshuka kidogo tu, kutoka 20.9 hadi 19.2.

Kwenye Excel, pesa za kila mwaka zikiwa B2 hadi B7, ile 40 ya mwanzo ikiandikwa -40:

```
=MIRR(B2:B7,16%,10%)
```

Ya kati ni riba ya kugharamia pesa inayotoka, ya mwisho ni ya kuwekeza upya. Hapa ndipo Hesabu_Kali alipopotea. Riba ya mkopo ni gharama ya pesa. Inayotakiwa mwishoni ni ile ambayo pesa yenu itapata kweli ikishaingia. Ukiweka 16 ya mkopo pale mwishoni wakati mnapata 10, umerudi kwenye ugonjwa ule ule wa IRR, umepunguza dozi tu. Na kwa hesabu hii ya Mangi, hata ukibadilisha ile 16 ya kati ikawa 30, jibu halitikisiki, kwa kuwa pesa inayotoka ni moja tu na inatoka siku ya kwanza.

Hesabu_Kali

Sawa mama, hapo kwenye riba ya mwisho nimekuelewa. Lakini "siku zote MIRR" bado nasimama nayo.

Kifusi_Kwa_Mrombo

Mimi nina shimo la moramu Arusha. Nikiweka milioni 10 kuchimba, mwaka wa kwanza naingiza 24, mwaka wa pili mwenye eneo anataka nifukie na kusawazisha, milioni 14.3. IRR ikatoa 10%. Rafiki yangu kaandika `=IRR(B2:B4,40%)`, ikatoa 30%. Tukadhani kompyuta imeharibika. Pesa nikizipumzisha mimi napata 8%, kwa hiyo nikasema iwe 10 au 30, zote zimezidi 8, twende kazi. Au?

Mama_Njiro

Usiende, kaka. Kompyuta nzima. Pesa yako inatoka, inaingia, halafu inatoka tena, na ikigeuka mara mbili hivyo majibu ya IRR yanaweza kuwa mawili, yote sahihi kihesabu. Excel inakupa lililo karibu na namba ya kuanzia uliyoipa. Usipoipa inaanzia 10%, ndiyo maana ukaona 10.

Lakini fuata pesa yenyewe. Milioni 24 unaipumzisha mwaka mmoja kwa 8%, inakuwa 25.92. Unalipa kufukia 14.3, mkononi inabaki 11.62. Ungeziacha tu zile 10 kwa 8% miaka miwili ungekuwa na 11.664. Umechimba, umefukia, umepigizana kelele na wenye malori, na umepungukiwa elfu 44. IRR zote mbili zimezidi 8, na bado mradi unashindwa na kukaa nyumbani.

`=MIRR(B2:B4,8%,8%)` inatoa 7.9%. Jibu moja, chini ya 8, na ndivyo mfuko utakavyosema. Kwako wewe ile riba ya kati inafanya kazi, kwa sababu ndiyo inayopima ile 14.3 ya kufukia ina uzito gani leo.

Kifusi_Kwa_Mrombo

Duh. Elfu 44 si kitu lakini jasho lote lile! Narudi kwa mwenye eneo tuongee bei ya kufukia.

Katibu_Mwenyewe

Mimi ndiye katibu anayesemwa. Hesabu za mama sina ubishi nazo, ila hiyo 10% ndiyo inayonisumbua. Kikundi kinakopesha wanachama kwa riba ambayo kwa mwaka inafika 30. Pesa ya kirikuu ikirudi tunaikopesha, hatuilazi benki. Weka 30 pale mwishoni uone nani anashinda.

Mama_Njiro

Ukiweka 30 kirikuu inashinda, na huhitaji kufika huko. Nimezisogeza: chini ya takriban 19.7% parachichi iko mbele, juu ya hapo kirikuu iko mbele. Kwa hiyo ugomvi wenu wote umebaki kwenye swali moja, kama milioni 25 ikiingia kwa mkupuo inaweza kupata zaidi ya 19.7%.

Riba mnayowatoza wanachama haitoshi kujibu hilo. Watu 16 watakopa kiasi gani cha ziada? Wenye shida ya mkopo si tayari mnawakopesha? Tuseme theluthi moja ndiyo inazunguka kwa 30 na theluthi mbili zimelala kwa 4 zikisubiri mkopaji. Wastani wake haufiki 13. Hapo bado hujatoa wasiolipa.

Na wewe Hesabu_Kali, "siku zote" iache. MIRR bado ni asilimia, haijui ukubwa wa mradi. Kibanda cha laki tano chenye MIRR ya 40 hakizishindi milioni 40 za MIRR ya 19 kama pesa iliyobaki italala. Hata hapa kwa Mangi, miparachichi haifi mwaka wa tano wakati kirikuu zimeshauzwa. Miaka inayofuata haimo kwenye hesabu kabisa, na kwa upande mwingine ile 45 ya mwaka wa tano ni makadirio ya mti ambao bado haujapandwa. Mimi ningeshusha 30 na 45 kwa robo nione kama parachichi inasimama.

Hesabu_Kali

Nimeshusha. 15, 22.5 na 33.75 inatoa jumla 76.65, MIRR 13.9%. Kirikuu ya 14.6 inapita!

Mama_Njiro

Umeshusha upande mmoja. Mapato ya kirikuu nayo yashushe.

Katibu_Mwenyewe

Kirikuu za mkataba hazishuki hivyo, mama. Tuna mteja wa Mbuyuni anataka kubeba kila siku.

Mangi_wa_Soweto

Ana mkataba wa maandishi? Maana kikao kilichopita ulisema kaahidi. Mimi nakwenda kufungua daftari la mikopo la mwaka jana, nitoe kwa kila mwezi pesa iliyokuwa nje na iliyokuwa imelala, ndipo nijue ya kuandika pale mwishoni pa fomula. Katibu, daftari la Machi hadi Juni liko kwako.