Wafuatiliaji 40,000, arifa zimeleta watu 130! Video zetu zinapelekwa kwa nani?

Wakuu, nimekasirika. Chaneli yangu ya YouTube ni ya kutengeneza vyerehani. Video ya juzi imemaliza siku saba na kutazamwa mara 3,000. Arifa zimeleta 130 tu. Mwaka jana nikiwa na wafuatiliaji 31,000, video ya aina hiyohiyo ilipita 7,000. Watu wamebonyeza kujiunga kwa hiari yao, halafu mtandao unawaficha kazi yangu. Huu ni wizi wa jasho!

Mpiga_picha: Waambie wabonyeze kengele. Akibonyeza tu, kila video inamfikia.

Mzee_wa_takwimu: Haitoshi. Kengele ikiwa kwenye hali ya kawaida, mtandao unachagua nani apigiwe. Na hata aliyechagua arifa zote, kama simu yake imezima arifa za programu, hapati kitu. Mkuu, fungua sehemu ya hadhira, utuambie asilimia zote mbili.

Mwenye uzi: Waliochagua zote 12%. Ambao na simu zinaruhusu, 4%.

Mzee_wa_takwimu: Basi wanaofikika ni kama 1,600, si 40,000. Kwa hao, 130 si vibaya. Sasa ingia `Browse features`, maana humo wamechanganya ukurasa wa mwanzo na ukurasa wa `Subscriptions`. Zitenganishe, ulinganishe siku saba za kila video.

Dada_mshonaji: Mimi zangu fupi za sekunde 40 zimekufa kabisa, nifute chaneli?

Mzee_wa_takwimu: Dada, za fupi zina mlango wake, fungua uzi tukusaidie huko.

Mwenye uzi: Nimerudi. Arifa: mwaka jana 140, sasa 130. `Subscriptions`: 420, sasa 400. Ukurasa wa mwanzo: 5,200, sasa 1,400!

Mzee_wa_takwimu: Umeona? Milango miwili ya wafuatiliaji haijafungwa. Ila wafuatiliaji 9,000 wapya hawajaongeza kitu humo. Pengine walijiunga kwa video moja wakaenda zao. Hiyo ya mwanzo ichuje kwa waliojiunga na wasiojiunga.

Mwenye uzi: Waliojiunga 900, sasa 450. Wasiojiunga 4,300, sasa 950.

Mzee_wa_takwimu: Kwa hiyo sehemu kubwa uliyopoteza ni wageni. Ukurasa wa mwanzo unamwekea mtu anachoelekea kutazama, kujiunga peke yake hakumlazimishi kukuonyesha.

Mwenye uzi: Wageni sawa, nakubali. Lakini hao 450 wa kwangu waliopungua? Hawakuonyeshwa, au walionyeshwa wakaipita? Nimezunguka takwimu zote na hilo sijalipata. Nionyesheni ni wangapi kati ya wafuatiliaji wangu waliwekewa ile picha ya video mbele ya macho, ndipo nitanyamaza.

Mpiga_picha: Hata mimi nalitaka hilo.