Mfumo wa matokeo umemtoa binti yangu divisheni wani ukampa tuu, kisa nusu maksi mbili, shule wanajibu "mfumo ndio umesema"

Wakuu nimekereka sana leo. Binti yangu yupo kidato cha tatu, shule wameacha Eksel mwaka huu wakanunua mfumo wa matokeo, mwalimu anaingiza maksi tu halafu mfumo unatoa wastani, gredi, divisheni na nafasi darasani. Maksi ya somo ni wastani wa nusu muhula na mtihani wa muhula, nusu kwa nusu, na ripoti yenyewe imeandika chini kabisa kwamba nusu inapandishwa juu. Sasa tizameni wenyewe.

Kemistri kapata 73 na 76. Jumlisha ni 149, gawa kwa mbili unapata 74.5, kwa sheria yao inatakiwa iwe 75 ambayo ni A. Mfumo umeandika 74, B. Jografia kapata 61 na 68, hiyo ni 64.5, inatakiwa 65 yaani B, wameandika 64, C. Nikadhani labda wanakata tu desimali, nikauliza kwenye grupu la wazazi, mzazi mmoja mwanae ana 81.5 kwenye kiswahili na mfumo umempa 82! Sasa huo mfumo unapandisha au unashusha?

Mkiona ni kitu kidogo hesabuni pointi za masomo saba bora. Kwa halali kemistri ni 1, jografia 2, kiswahili 2, halafu bailojia, uraia, historia na kingereza 3 kila moja, jumla 17, wani ya mwisho mwisho lakini ni wani. Kwa mfumo wao kemistri inakuwa 2 na jografia 3, jumla 19, divisheni tuu. Mtoto kalia, mwalimu wa taaluma ananijibu kwenye simu eti mzazi kompyuta haikosei.

Na hapo sijafika kwenye nafasi. Ripoti inasema jumla 512, nafasi ya 9. Mwenzie darasa hilo hilo ana jumla 512 hiyo hiyo, wastani 56.89 huo huo, yeye ni wa 8. Wamefungana, kwanini mmoja awe juu ya mwenzie? Nikaomba nione orodha ya darasa, kila waliofungana wamepangwa kwa alfabeti, jina la wangu linaanza na Z. Yaani Z ndio imemshusha. Naomba mwenye kujua hizi mifumo anieleze kinachoendelea maana kesho asubuhi nipo ofisini kwao.

Bwana Namba: Pole mkuu. Hilo ni tatizo la kompyuta kutojua desimali vizuri, ndani yake 74.5 haipo, inakaa kama 74.4999999 ndio maana inashuka. Kila programu inayo hiyo, hamna namna.

Kodi na Data: Bwana Namba umegusa kitu cha kweli ila sicho hiki. Nusu kompyuta inaihifadhi kamili kabisa, 74.5 ni 74.5. Shida unayosema ingekuja kama wangetumia asilimia 30 na 70, maana 0.3 ndio haikai kamili. Na kama ingekuwa hivyo unavyosema, 81.5 ya yule mtoto mwingine nayo ingeshuka.

Mzazi, angalia majibu uliyopata: 74.5 imekuwa 74, 64.5 imekuwa 64, 81.5 imekuwa 82. Zote zimeishia kwenye namba shufwa. Huo ni utaratibu wa kuraundi ambao nusu inakwenda kwa namba shufwa iliyo karibu, iwe juu au chini. Ni utaratibu halali, unatumika ili ukijumlisha namba nyingi zisipande zote upande mmoja, na Python ndivyo inavyofanya usipoiambia vingine:

```python
>>> round(74.5)
74
>>> round(81.5)
82
```

Siwezi kuapa kwamba wameandika kwa Python lakini dalili ni hizo. Eksel kwa ROUND ingekupa 75, ndio maana mwaka jana hamkuona kitu. Na ubaya wake kwenye gredi zetu ni huu: A inaanza 75, B 65, C 45, zote witiri, kwahiyo nusu iliyo chini ya mpaka inaangukia 74, 64 na 44 kila siku. Mpaka pekee unaomsaidia mtoto ni D maana 30 ni shufwa, 29.5 inapanda. Waambie waingize mwanafunzi wa majaribio mwenye 44 na 45, halafu mwingine mwenye 29 na 30. Wa kwanza akibaki 44 na wa pili akawa 30, hawana pa kujitetea. Marekebisho yenyewe ni mstari mmoja, kama maksi zote ni namba nzima:

```python
wastani = (a + b + 1) // 2
```

149 ukiongeza 1 ni 150, nusu yake 75.

Mama Wawili: Mimi wangu hakufanya mtihani wa historia alikuwa amelazwa, mfumo umeweka sifuri ukagawanya, wastani wote umeharibika. Nifanyeje na mimi?

Ticha wa Taaluma: Mzazi punguza hasira kidogo. Shule yangu tulikubaliana kikaoni hakuna kupandisha, 74.5 ni B mpaka ufikishe 75. Kila shule ina taratibu zake kwenye mitihani ya ndani.

Mleta uzi: Ticha sina ugomvi na hilo, wangeandika hivyo ningenyamaza. Lakini wao wameandika nusu inapanda, na kama haipandi mbona 81.5 wameipandisha? Sheria iwe moja kwa watoto wote. Na nafasi je? Wakirekebisha yale masomo mawili jumla yake inakuwa 514, si atakuwa wa 8 peke yake?

Kodi na Data: Hapo usikimbilie, mwenzie naye anaweza kuwa na nusu zake zilizoshushwa. Halafu kwa maoni yangu nafasi isipangwe kwa maksi zilizoraundiwa kabisa, wajumlishe maksi ghafi, wako ana 513 kamili kama masomo mengine saba hayana nusu, waraundi mara moja tu mwishoni kwa ajili ya kuonyesha. Kuhusu alfabeti, hapo karibu hakika wametumia ROW_NUMBER() kwenye kupanga, ambayo inampa kila mtu namba yake hata mkifungana. Wangetumia RANK() wote wawili wangekuwa wa 8 na anayefuata wa 10.

Ticha wa Taaluma: Wa 9 aende wapi? Sisi wakifungana wa 8 wawili anayefuata ni wa 9, wazazi wanaelewa hivyo.

Kodi na Data: Hiyo ni DENSE_RANK(), ipo. Ila mwanafunzi wa mwisho kwenye darasa la watu 48 utamwandikia wa 41 kati ya 48, mzazi ataona saba wako nyuma yake na hawapo.

Ticha wa Taaluma: Na kwenu atakuwepo mtu anaulizia wa 9 ni nani. Mimi sibadilishi.

Mleta uzi: Malizaneni hapo wakuu, mimi yoyote kati ya hizo mbili naipokea, kwa zote mbili wangu na mwenzie wanasimama pamoja. Kesho naenda na zile maksi za 44 na 45 na 29 na 30, waingize nikiwa nimekaa hapo hapo. Mama Wawili nenda kaombe somo lake waliweke kama hakufanya, sio sifuri, na cheti cha hospitali ukibebe.