Sifuri kwa programu ya mistari 13 ambayo umbo lake tumepewa na maalim mwenyewe

Mtoto_wa_Jang'ombe

Jamani nisomeni, maana kwenye kikundi cha darasa kila mtu anaogopa kusema na mimi nimeshachoka kunyamaza.

Nasoma kozi ya jioni ya kuandika programu, chuo kimoja hapa mjini Unguja, jina silitaji. Zoezi lilikuwa hili: programu ipokee kilo za kila gunia la karafuu, mtu akiandika 0 isimame, halafu itoe wastani. Karatasi ya zoezi ikasema tutumie `while`. Ikatupa majina: `total`, `count`, `kilo`. Ikasema kila kitu kiwe ndani ya `main()`, jibu litoke na neno "Wastani:" kwa sababu kuna mtambo unaolinganisha majibu, na ikatuonya programu isife kwa kugawa kwa sifuri. Nikaandika hivi:

```python
def main():
    total = 0
    count = 0
    kilo = float(input("Kilo: "))
    while kilo != 0:
        total = total + kilo
        count = count + 1
        kilo = float(input("Kilo: "))
    if count > 0:
        print("Wastani:", total / count)
    else:
        print("Hakuna data")

main()
```

Matokeo yametoka: sifuri. Pembeni imeandikwa kwamba asilimia 94 ya kazi hii imeandikwa na akili mnemba. Sikuitwa wala sikuulizwa. Nilipomfuata maalim kaniambia mtambo hauna sababu ya kumwonea mtu, kama nina la kusema niandike barua ya rufaa.

Haya, nyinyi mnaojua kazi hii hebu nionyesheni mstari ambao ningeuandika vyengine. Mstari wa kwanza na wa mwisho vimetoka kwenye karatasi. `total = 0` na `count = 0`, utaanzia wapi kama si sifuri? Kusoma kilo mara mbili, mara moja kabla ya kitanzi na mara moja ndani, ndivyo tulivyofundishwa ubaoni. `else:` ni `else:`, haina ndugu. Kilichobaki changu mimi ni vitu vinne tu: kuandika `total = total + kilo` badala ya `total += kilo`, na hivyo hivyo kwenye `count`, kuuliza `count > 0` badala ya kuanza na `count == 0`, na lile neno "Hakuna data". Basi. Huko ndiko nilikohukumiwa.

Ni sawa na kumwita mtu mwizi wa barua kwa sababu kaanza na "hali yangu mimi ni njema, hofu ni kwako".

Nataka kujua mtambo huu unaona nini, na kozi ifanye nini unapomtaja mtu. Wa kuniambia nisubiri kwa subira apite.

fundi_wa_Wete

Pole sana, na hasira zako zina msingi. Ngoja nikueleze unavyofanya kazi.

Vigunduzi vingi vya aina hii havijui nani kaandika. Ndani yake mara nyingi mna modeli ya lugha inayosoma maandishi kipande kwa kipande, na kila ikifika mahali inajiuliza: kipande kinachofuata nilikitarajia kiasi gani? Vipande vikiwa vya kutarajiwa mfululizo, alama inapanda upande wa mashine. Vikiishtua mara kwa mara, inashuka. Mwishoni inachukua kitu kama wastani na kukutolea asilimia.

Sasa itazame programu yako. Baada ya `while kilo` kinakuja nini? Karibu kila mara alama ya kulinganisha. Baada ya `print(` kinakuja nini? Sarufi ya Python imekufungia milango, na karatasi ya maalim imefunga iliyobaki. Mwanafunzi aliyeandika mwenyewe na aliyepewa na ChatGPT watafika pale pale kwa sababu mahali pa kufika ni pamoja. Sehemu zenye uchaguzi umezihesabu mwenyewe, nne, na mtambo unatakiwa kumjua mtu kwa hizo nne. Programu ya mistari 800 ni jambo jengine: mna majina ya kubuni, mpangilio, maelezo, njia za kushughulikia makosa, tabia ya mtu inaonekana mahali pengi na bahati mbaya ya mstari mmoja inafunikwa na mengine. Hata huko si ushahidi kamili, lakini angalau kuna cha kupima.

Na ile 94 usiisome kwamba "kuna uwezekano wa 94 kwa 100 kuwa ameiba". Ni alama ya mtambo kwa maandishi yale. Haijui darasa lenu lina wadanganyifu wangapi, haijui karatasi ilisema nini.

OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, walitoa kigunduzi chao Januari 2023. Wakaandika wazi kwamba maandishi yasiyofika herufi 1000 hakiyawezi, na kwamba kwenye msimbo wa programu hakitegemeki. Wakatoa na mfano: orodha ya namba tasa 1000 za mwanzo huwezi kujua kaandika nani, kwa sababu jibu sahihi ni moja tu. Kwenye majaribio yao, maandishi ya Kiingereza yaliyoandikwa na watu, asilimia 9 yalipachikwa kuwa ya mashine. Julai mwaka ule ule wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ni mdogo. Programu yako nimeihesabu, pamoja na nafasi tupu haifiki herufi 300.

Kipepeo_Kwerekwe

Mbona mnajisumbua. Mdogo wangu aliambiwa hivyo hivyo, akabadilisha majina, `total` akaiita `jumla_ya_kilo`, akatia maelezo mawili ya Kiswahili, alama ikaporomoka. Wewe fanya hivyo. Halafu ya ChatGPT inajulikana kwa macho tu, huwa imejaa maelezo kila mstari.

fundi_wa_Wete

Nusu ya maneno yako ni kweli, alama inaweza kushuka. Lakini ona maana yake: kazi ni ile ile, mwandishi ni yule yule, hukumu imegeuka kwa majina na maelezo mawili. Aliyenakili naye atayabadilisha kwa dakika moja, na atakayebaki kukamatwa ni mtiifu aliyefuata karatasi. Hilo la maelezo kila mstari pia halisimami. Ukiiomba isiweke, haiweki, na wapo maalim wanaokata alama usipoyaweka.

Mtoto_wa_Jang'ombe

Na mimi siwezi kubadilisha majina! Karatasi imesema `total` na `count`, ukitumia mengine unapoteza alama 2. Yaani ukitii unakamatwa, ukikaidi unakatwa.

Bi_Shumu

Mwanangu, yamemkuta na mtoto wa dada yangu huko Chake, yeye aliambiwa kanakili kwa wenzake wawili, zimefanana sana. Naye alipewa sifuri. Kwa hiyo hao wote watatu walitumia akili mnemba au vipi? Na mtu akikata rufaa ada yake inarudi?

fundi_wa_Wete

Bi Shumu, ya mtoto wa dada yako ni mtambo wa aina nyengine, huo unatafuta kufanana baina ya kazi za darasa. Unaojulikana sana ni MOSS, uliotengenezwa mwaka 1994. Unapuuza majina na nafasi, unakata programu vipande vifupi, kisha unaangalia vipi vinapatikana kwa watu wawili. Huo angalau unaonyesha mistari yenyewe, mtu akaitazama. Una chaguo la `-b` la kuupa faili alilogawa maalim ili lisihesabiwe, na `-m` ya kupuuza kipande kinachoonekana kwa watu wengi. Mwalimu asipoyatumia, zoezi la mistari 13 lenye umbo moja litawafanya darasa zima kuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo aulize: hilo faili la maalim lilitolewa? Na mistari iliyofanana ni ipi? Ikiwa wote watatu wana kosa lile lile la ajabu, hapo kuna la kuuliza. Ikiwa ni `while` na kujumlisha, hapana kitu. Ya ada siijui.

Maalim_mstaafu_kidogo

Mimi nafundisha, na nitasema upande ambao hamtaupenda. Kudanganya kupo. Nina wanafunzi wanaoleta kazi safi na ubaoni hawajui `count` inafanya nini. Mtambo nilikuwa nautumia, nimeacha, na sababu nitaitaja.

Nilichukua kazi za wanafunzi wa miaka ya kabla ya Novemba 2022, yaani kabla ChatGPT haijatoka, zoezi fupi la aina hii hii, nikazipitisha. Zikatajwa kadhaa, na jibu langu la mfano likatajwa pia. Hao hawakuwa na ChatGPT ya kunakilia. Maalim yeyote anaweza kufanya jaribio hili kwa zoezi lake mwenyewe, na lisilopita lisipimwe kwa mtambo. Lakini msijidanganye kwa upande wa pili: ukipitisha kazi 30 za zamani na isitajwe hata moja, bado kiwango cha makosa kinaweza kufika 1 kwa 10, kwa sababu 30 ni chache.

Sasa nafanya hivi. Mazoezi mafupi yana alama ndogo na sitafuti mwizi humo. Nikiwa na shaka namwita mtu kwa dakika tano, alama zikiwa hazijaandikwa. Namwambia: ifanye programu isimame baada ya magunia 6 badala ya kusubiri 0. Au: ukiondoa ule mstari wa mwisho ndani ya kitanzi kutatokea nini? Aliyeandika atakuambia haitasimama, `kilo` haibadiliki. Aliyepewa ataitazama skrini.

Kipepeo_Kwerekwe

Na mwenye aibu je? Mdogo wangu mbele ya mwalimu hata jina lake analisahau.

Maalim_mstaafu_kidogo

Hilo sina jibu zuri. Huwa namwacha akae na kompyuta peke yake, nirudi baadaye nione alichobadilisha. Kuna wanaokwama hata hivyo, na sijui kama ni aibu au hawajui. Kwa hao sitoi sifuri, nawapa zoezi jengine maabara. Darasa la watu 150 sijui ningefanyaje.

Mtoto_wa_Jang'ombe

Shukran. Barua naiandika usiku huu, umeme ukikaa. Nitaomba waipitishe programu ya mfano iliyomo kwenye kitini chetu cha 2019 kwenye mtambo ule ule, mbele yangu, na wanipe hizo dakika tano hata leo. Faili langu lina nakala za kila nilipohifadhi, ya kwanza haina hata `if`, inakufa ukianza na 0.

Maalim, kozi ikikataa kuipitisha ya kitini, nina haki ya kuwataka waseme sababu?

Maalim_mstaafu_kidogo

Inategemea kanuni za mtihani za chuo chenu. Ziombe kwa maandishi kabla ya kutuma barua, uone kama mtambo umetajwa humo hata kwa neno moja. Vipo vyuo vilivyoanza kuutumia kabla ya kuandika kanuni.